Aliyebaki Amesimama Katikati

Waambie wanafunzi wa kidato cha pili wajipange kwa kimo, kuanzia mfupi hadi mrefu, na hakuna atakayeomba rula. Watasimama mgongo kwa mgongo, watashikana vichwa kwa viganja, na bila shaka mmoja atapiga kelele kwamba mwenzake ameinua visigino. Baada ya dakika tano hivi za ubishi mstari unatulia. Hapo mwalimu anatoa amri moja tu: mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote, nendeni mkakae. Wawili hao wanaondoka. Kisha wanaofuata, mmoja kutoka kila upande. Kisha wengine.

Darasa likiwa na wanafunzi 15, jozi saba zitakwenda kukaa na mmoja atabaki amesimama peke yake mbele ya ubao, akicheka kwa aibu na hajui amefanya nini. Kimo cha huyo ndiyo namba ya kati, ile ambayo vitabu vya hisabati huiita mediani. Darasa limeipata kabla ya kupima chochote, na hata kabla ya kujua kwamba namba yenyewe ni ngapi.

Ujanja huu si mpya. Mwaka 1875 Mwingereza Francis Galton, mtafiti aliyependa kupima karibu kila kitu cha binadamu, alieleza kwamba vitu vinaweza kupangwa kwa kulinganishwa tu, kimoja na kingine, kisha kile kilichoangukia katikati kikawawakilisha wenzake. (Galton huyohuyo baadaye alitumia vipimo kujenga hoja za kuwabagua binadamu kwa uzao, na kwa hilo hakumbukwi kwa wema.) Wazo lake la mstari, hata hivyo, linafaa darasani kuliko fomula yoyote, kwa sababu linamkinga mwanafunzi na kosa linalojirudia kila mwaka kwenye mitihani: kuchukua namba iliyokaa katikati ya orodha ambayo haijapangwa. Mwanafunzi wa nane kwenye daftari la mahudhurio yuko katikati ya alfabeti, na alfabeti haina habari na kimo cha mtu. Aliyewahi kusimama kwenye mstari hasahau kupanga.

Kuna kosa la pili, dogo lakini sugu. Ukiuliza mediani ni ngapi, wapo watakaojibu "nane", kwa kuwa aliyebaki alikuwa wa nane. Nane ni nafasi aliyosimama. Mediani ni kimo chake, na ili kukijua sasa lazima futi itoke.

Katika shule nyingi futi iliyo karibu ni ile laini ya fundi cherehani, na hapo kuna kikwazo ambacho mwalimu asipokijua mapema kipindi kitamwishia mikononi. Futi hiyo kwa kawaida ina sentimeta 150 tu, wakati nusu ya darasa imeshavuka urefu huo. Dawa yake ni ukuta. Mwalimu anapima sentimeta 100 kutoka sakafuni, anachora mstari wa chaki, kisha anabandika futi ukutani kwa selotepu, sifuri yake ikiwa juu ya mstari huo. Mwanafunzi anavua viatu, visigino na mgongo vinagusa ukuta, macho yanatazama mbele. Mwenzake anaweka daftari gumu juu ya kichwa, pembe ya daftari ikiwa imebana ukuta, na wa tatu anasoma. Nywele zilizosukwa juu hukandamizwa kidogo. Futi ikionyesha 55, kimo ni sentimeta 155.

Tuchukue darasa la mfano la wanafunzi 15 na tulifuate hadi mwisho. Baada ya kupimana, karatasi inasomeka hivi, ikishapangwa: 141, 145, 148, 150, 150, 152, 153, 155, 156, 157, 158, 160, 160, 160, 165. Wa nane ni 155. Basi yule aliyebaki amesimama alikuwa na sentimeta 155, na darasa linafurahi kuona kwamba mstari wa ubishi na futi ya ukutani vimekubaliana.

Wasichana wengi wakijikuta upande wa warefu, wavulana watanung'unika. Mwalimu ana jibu zuri la kuwapa. Majedwali ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 yanaonyesha kwamba wakiwa na miaka 12 wasichana huwa juu kidogo, karibu sentimeta 151 dhidi ya 149 za wavulana. Kufikia miaka 14 mambo yamegeuka: wavulana 163, wasichana 160. Wenye kunung'unika wasubiri. Na ukiyatazama vizuri majedwali hayo, namba inayotajwa kwa kila umri ni mediani, kimo cha yule ambaye angebaki amesimama kama watoto wa umri huo wangejipanga.

Wastani ni habari nyingine. Neno lenyewe wanafunzi wa Tanzania wanalijua tangu shule ya msingi, maana limeandikwa kwenye ripoti zao za muhula, na wanajua hesabu yake: jumlisha, gawa. Ni hapo penye tatizo. Wanajua kuupata bila kujua ni kitu gani. Ukimuuliza mwanafunzi wastani wa kimo maana yake nini, atakurudishia maelezo ya kujumlisha na kugawanya.

Kamba ya katani inasaidia. Kila mwanafunzi anakata kipande chenye urefu wake mwenyewe, tangu unyayo hadi utosini. Vipande vyote 15 vinaungwanishwa kuwa kamba moja ndefu, inatandazwa kwenye korido au uwanjani. Katika darasa letu la mfano kamba hiyo ina mita 23 na sentimeta 10. Kisha inakunjwa mara tatu sawasawa, na kila theluthi inakunjwa mara tano, mpaka vipatikane vipande 15 vilivyo sawa. Kipande kimoja kikipimwa kinatoa sentimeta 154. Hicho ndicho wastani: kimo ambacho kila mmoja angekuwa nacho kama urefu wote wa darasa ungekusanywa kama mavuno ya ushirika na kugawanywa bila upendeleo.

Ni vizuri mwalimu aache kundi la kwanza liunge kwa mafundo. Watapata kama 150, na watashangaa. Vipande 15 vina mafundo 14. Kila fundo likila sentimeta nne, darasa limepoteza sentimeta 56, na ukizigawa kwa 15 kila mmoja amepungukiwa na karibu sentimeta nne. Kundi la pili linaunganisha kwa selotepu, ncha kwa ncha, na 154 inatokea. Upungufu ulioingia kwa wachache umegawanywa kwa wote, na ndivyo wastani unavyofanya kwa kila kitu unachopewa, kizuri au kibaya.

Sasa itafuteni 154 kwenye orodha. Haimo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja mwenye kimo hicho. Jambo hili huwasumbua wengine, na lina historia yake: mwaka 1835 Mbelgiji Adolphe Quetelet aliandika kitabu kuhusu "mtu wa wastani", akimjenga kutokana na vipimo vya watu wengi, na tangu wakati huo wasomi wamebishana kama mtu huyo yupo au ni kivuli cha hesabu. Darasa linaweza kuumaliza ubishi huo kwa upande wake kwa kuangalia karatasi. Mtu wa 154 hayupo, na bado namba yenyewe si ya uongo. Wafupi kuliko 154 ukijumlisha upungufu wao wote unapata sentimeta 39. Warefu kuliko 154 ukijumlisha ziada yao yote unapata sentimeta 39. Ni mizani iliyotulia, na inafaa wanafunzi wazihesabu wenyewe pande zote mbili kabla ya kuambiwa.

Futi ya ukutani nayo ina zawadi hapa. Kwa kuwa sifuri yake ilikaa kwenye alama ya 100, mwanafunzi mvivu, na katika hesabu mvivu ni mtu wa kusikilizwa, atauliza kwa nini wajumlishe 141 na 145 wakati futi ilisoma 41 na 45. Asiwe na shaka. Jumla ya masomo ya futi ni 810, ukigawa kwa 15 unapata 54, ongeza 100 uliyoiacha chini ya mstari wa chaki, 154. Miezi kadhaa baadaye, kitabu kitakapoleta njia ya wastani wa kudhania pamoja na safu zake za tofauti, darasa hili litakuwa limeshaifanya bila kuiita jina.

Mpaka hapa vimo vimetumika kama mfano mzuri. Kwenye modi vinaanza kuleta vurugu, na kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo ndiyo sehemu tamu ya somo zima.

Modi ni namba inayojirudia mara nyingi kuliko nyingine. Kwenye karatasi yetu ni 160, maana imetokea mara tatu. (Atakuwepo wa kujibu "tatu". Huyo arudishwe kwa upole: tatu ni idadi ya waliofika, modi ni walipofika.) Kila kitu kinaonekana sawa, na walimu wengi wangeishia hapo, wafute ubao.

Tazama tena orodha, lakini safari hii tazama tarakimu za mwisho tu. Namba zinazoishia na 0 au 5 ni ngapi? 145, 150, 150, 155, 160, 160, 160, 165. Nane kati ya 15. Tarakimu ziko kumi, na 0 na 5 ni mbili tu kati yake, kwa hiyo kama upimaji ungekuwa wa makini tungetegemea kama tatu hivi. Miili ya vijana haina sababu ya kupenda sifuri na tano. Wanaopenda ni macho ya wasomaji: kwenye futi mistari hiyo huwa mirefu na ndiyo iliyoandikwa namba, na msomaji mwenye haraka huangukia hapo. Wataalamu wa sensa huliona jambo hilohilo kwenye umri, pale wazee wengi wa kijiji wanapotokea kuwa na miaka 60 au 70 kamili.

Basi wale watatu wa 160 na wawili wa 150 warudi ukutani, na safari hii msomaji ainame hadi jicho lake liwe sawa na daftari. Tuseme watatu wanatoka na 159, 160 na 162, na wawili wanatoka na 149 na 150. Karatasi mpya: 141, 145, 148, 149, 150, 152, 153, 155, 156, 157, 158, 159, 160, 162, 165. Mediani bado ni 155. Jumla bado ni 2,310, kwa hiyo wastani bado ni 154. Modi je? Hakuna namba iliyojirudia. Modi imetoweka kama umande.

Kupima vizuri zaidi kumeua jibu. Mwanafunzi anayefikiri atauliza kwa nini, na jibu linafaa kukaa naye muda mrefu: kimo ni kitu kinachopimwa, hakihesabiwi kama mayai. Kati ya 155 na 156 kuna vimo visivyo na mwisho, na kadiri unavyosogeza jicho karibu ndivyo watu wawili wa kimo kilekile wanavyozidi kuadimika. Modi ya vimo hutegemea ukali wa jicho la mpimaji.

Ndiyo maana vitabu hukimbilia makundi. Ukigawa vimo kwa tano tano kuanzia 140, unapata mmoja kati ya 140 na 144, watatu kati ya 145 na 149, watatu kati ya 150 na 154, watano kati ya 155 na 159, wawili kati ya 160 na 164, na mmoja juu yao. Kundi lenye wengi ni 155 hadi 159, na kila mtu anaridhika. Lakini mpe jirani karatasi hiyohiyo aanze makundi yake 138 badala ya 140. Kwake 148 hadi 152 wako wanne, 153 hadi 157 wanne, 158 hadi 162 wanne, na wengine watatu wamebaki mmoja mmoja. Makundi matatu yamefungana. Hakuna aliyebadilika kimo. Kilichosogea ni kalamu kwa sentimeta mbili. Wanafunzi wakiwekwa kwenye makundi mawili, kila moja lifanye kwa namna yake bila kujua la wenzake, ubishi utakaozuka ni somo tosha, na mwalimu hana haja ya kuingilia haraka.

Kwa nini basi tuhangaike na wastani na mediani zote mbili, wakati 154 na 155 zimekaribiana namna hii? Mwalimu mwenyewe anaweza kujibu kwa kuvua viatu na kusimama ukutani. Tuseme ana sentimeta 186. Akijiunga na darasa, jumla inakuwa 2,496 na watu ni 16, wastani unapanda hadi 156. Kwenye mstari wa kukaa jozi kwa jozi, safari hii wanabaki wawili, wa 155 na wa 156, na mediani inakaa katikati yao, 155.5. Mtu mmoja mrefu ameuvuta wastani sentimeta mbili nzima, mediani ameisogeza nusu sentimeta.

Na si lazima awe mtu. Mwandishi wa darasa akighafilika na kuandika 1560 badala ya 156, wastani wa wanafunzi 15 unaruka hadi 247.6, kimo kinachozidi mlango wa darasa. Mediani inabaki 155 palepale, haijasikia lolote. Hivyo wastani na mediani zikiachana sana, jambo la kwanza ni kurudi kwenye karatasi na kumtafuta mtu mmoja au sifuri moja iliyozidi. Kosa la namna nyingine halionekani kwa njia hii: mstari wa chaki ukichorwa sentimeta mbili chini ya mahali pake, kila mwanafunzi anaongezewa mbili, wastani unakuwa 156, mediani 157, na karatasi inaonekana safi kabisa. Hapo dawa ni kupima mlango au meza ambayo urefu wake unajulikana.

Liko jambo ambalo mwalimu hapaswi kulipuuza kabla ya kumwita yeyote mbele. Mstari wa kimo unamweka mtu mmoja mwisho kabisa, mbele ya macho ya wote, na katika umri huo majina ya Twiga na Kibushuti huzaliwa ndani ya kipindi kimoja na kudumu hadi kidato cha nne. Wapo waliodumaa kwa lishe duni utotoni, wapo wasioweza kusimama. Walimu wenye busara hutumia kamba badala ya miili: kila mmoja anapimwa na rafiki aliyemchagua, anakata kamba yake, kamba zinaingia kwenye kikapu bila majina, kisha zinatundikwa kwenye waya kwa kufuata urefu. Zinaondolewa jozi kwa jozi, na kamba moja inabaki inaning'inia. Asiyeweza kusimama hupima upana wa mikono iliyonyooshwa, lakini hapo inabidi darasa zima lipime mikono, maana huwezi kuchanganya vimo na mikono kwenye karatasi moja ukategemea wastani wenye maana.

Modi, baada ya kusumbuliwa namna ile, inastahili kupewa uwanja wake. Uwanja huo uko chini ya madawati. Namba za viatu hazipimwi kwa jicho la mtu, zimechapwa kwenye soli, na ni namba chache. Tuseme darasa letu linasoma: 36 mmoja, 37 wawili, 38 watano, 39 watatu, 40 wawili, 41 mmoja. Modi ni 38, na haitetereki hata ukisoma mara kumi. Wastani unatoka 38.4 na kitu, kiatu ambacho hakuna duka litakalokuuzia. Mfanyabiashara wa mitumba anayekwenda kufungua balo la viatu karibu na shule hana haja na 38.4. Anachotaka kujua ni namba ipi aibebe kwa wingi.

Mwenye macho makali atakuwa ameshahesabu: hao ni 14. Wa kumi na tano amevaa makatambuga, ndala za tairi ambazo fundi alimkatia kwa kufuata unyayo wake, na hazina namba popote. Mmoja anasema aachwe nje, wabaki 14. Mwingine anasema akanyage kiatu cha jirani waone kinamtosha kipi. Mwenye makatambuga ameshainuka, anavua moja, anaelekea kwenye dawati la mwenye 41.